Nyumba ya Pi

Kazini walimwita Mhakiki, na jina hilo likamfuata hadi nje, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusoma risiti ya chai mara mbili kabla ya kulipa. Alifanya kazi katika ofisi ya maombi ya viza, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye meza nne na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji ndani ya ndoo. Chini kulikuwa na madirisha ya kupokelea watu. Wao wa juu hawakuwaona waombaji; walichoona ni karatasi zao tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinganisha. Mtu anasema anakaa mahali fulani. Analeta pasipoti yenye anwani yake, bili ya umeme au maji ya hivi karibuni, na taarifa ya benki. Mhakiki anaziweka sambamba na fomu, kisha anatazama kama zote zinamwelekeza mtu nyumba ileile. Kompyuta huanza, naye humalizia. Kompyuta ilikuwa na huruma kidogo: ilijua kwamba "Mt." ni mtaa na kwamba "Na." ni namba. Ikiona nukta imekosekana haikugombana na mtu. Lakini namba ya nyumba ikitofautiana, au ikikuta sanduku la posta mahali palipotakiwa makazi, iliwasha alama nyekundu na kungoja binadamu. Na binadamu alikuwa na amri moja iliyobandikwa juu ya meza yake: usikisie.

Mhakiki aliipenda amri hiyo. Alikuwa mtu asiyependa kukisia.

Asubuhi ya Alhamisi moja lilimfikia faili lenye alama tatu nyekundu. Alisoma anwani kabla ya kutazama picha, kama alivyozoea. Pasipoti ilisema: Nyumba Na. 14, Mtaa wa Kiwandani. Bili ya umeme ilisema: Kiw. 207, Kit. C, mita ukuta wa nyuma, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la mwanamume. Taarifa ya benki ilisema: S.L.P. 88, na chini yake, MTAA WA KIWANDANI NYUMBA YA PI. Basi. Nyumba ya Pi. Fomu ya maombi nayo ilikuja na yake: Nyumba Na. 31, Mtaa wa Kiwandani.

Alilisoma tena jina la mwanamume kwenye bili. Lilikuwa jina la baba yake.

Ndipo akatazama picha. Mama Mdogo alikuwa amenenepa mashavu na kuvaa kilemba cheusi, lakini jicho lake lilikuwa lilelile, la mtu anayehesabu vijiko baada ya wageni kuondoka. Huyu ndiye aliyeolewa na baba yake baada ya mama yake kufariki, na ndiye aliyemfungia sanduku lake na kumpeleka kwa shangazi baada ya baba naye kufariki. Tangu siku ile Mhakiki hakukanyaga Mtaa wa Kiwandani.

Alijua kilichokuwa kikitafutwa. Mdogo wake, binti wa Mama Mdogo, alikuwa ng'ambo na mumewe, mjamzito, na madaktari walikuwa wamemlaza kitandani kwa sababu mimba ilikuwa inasumbua. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa hakunyamaza tangu alipojua kusema. Wao wawili hawakuwahi kukosana. Waliandikiana kila wiki. Siku chache nyuma Chiriku alikuwa amepiga simu.

"Dada, Mama amekataliwa tena. Huko si ndiko unakofanya kazi?"

"Ndiko."

"Huwezi hata kuuliza?"

"Siruhusiwi kuuliza, Chiriku. Nikiuliza tu, nimeharibu."

Chiriku akasema haya, nimekuelewa, kwa sauti ya mtu asiyeelewa.

Sasa faili lilikuwa mezani. Mhakiki alifungua historia yake. Ombi la kwanza, mama yule alikuwa ameandika kwenye fomu anwani ya pasipoti, namba kumi na nne. Likakataliwa kwa kuwa bili na benki hazikulingana nayo. Ombi la pili akaandika ya bili, kiwanja mia mbili na saba. Likakataliwa kwa kuwa pasipoti na benki hazikulingana nayo. Sasa ameandika thelathini na moja. Kwa asiyemjua, huyu ni mwanamke aliyehama mara mbili ndani ya miezi michache bila kubeba hata sufuria. Kila alipojaribu kunyoosha, alizidi kujipinda.

Mhakiki alichukua faili akaenda nalo kwa Msimamizi, mwanamke mfupi aliyekula karanga siku nzima kutoka kwenye droo.

"Huyu ni mke wa marehemu baba yangu," alisema. "Siwezi kumhakiki."

"Vizuri umesema. Jaza fomu ya undugu, mpe mwenzako Miwani."

Mhakiki hakuondoka. "Namba kumi na nne na kiwanja mia mbili na saba ni nyumba moja. Nimekulia pale. Na hii ya benki ni nyumba ya pili kutoka kisimani, maneno yamekatwa tu."

"Na thelathini na moja?"

"Nadhani ni palepale. Labda wamebadilisha namba. Au labda amehama."

Msimamizi alitafuna karanga yake mpaka ikaisha. "Kwa hiyo moja hujui. Ungekuwa si ndugu yake ungefanya nini?"

"Ningekataa."

"Basi. Na Miwani hakukulia pale, yeye hajui hata hizo mbili." Alifunga droo. "Ukishatoka kwenye mlango huu wewe ni mtoto wa watu kama wengine. Masharti yamebandikwa pale chini ukutani, kila mtu anayasoma. Mtu kumsaidia mama yake kukusanya karatasi halali si kosa. Kugusa faili ndiyo kosa. Tumeelewana?"

"Si mama yangu," Mhakiki alisema, lakini Msimamizi alikuwa ameshageukia simu.

Miwani alikaa meza ya jirani. Alikuwa kijana mpole, mwepesi wa kazi, asiye na neno na mtu. Alilifungua faili baada ya chai. Mhakiki alimsikia akiguna mara moja, halafu akapiga vitufe kwa muda mfupi sana. Alijua anachoandika kwa sababu wote waliandika vilevile: Anwani hazilingani. Neno hilo lilikuwa limeandaliwa tayari kwenye orodha, mtu analichagua tu. Halikusema anwani ipi haikulingana na ipi.

Mhakiki alitegemea kwamba angesikia raha kidogo. Miaka mingine alikuwa amelala akiwaza siku ambayo mwanamke yule atahitaji kitu na mlango ufungwe. Sasa mlango ulikuwa umefungwa, tena kwa haki, na mikono yake ilikuwa safi. Alichosikia ni kiyoyozi kikidondosha maji. Alikwenda kula chakula chake cha mchana akakimaliza chote.

Jumamosi alipanda basi mpaka Mtaa wa Kiwandani.

Hakuutambua mara moja. Barabara ilikuwa imepanuliwa, na safu yote ya mbele, duka la mkaa, kinyozi, nyumba ya mzee aliyefuga njiwa, ilikuwa imebomolewa. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa zege. Nyumba ya baba yake, iliyokuwa imejificha nyuma ya nyingine, sasa ilitazama barabara uso kwa uso kama mtu aliyevuliwa kofia. Mlangoni palikuwa na kibao cha bati cha buluu: 31. Chini ya kibao, kwenye rangi ya zamani ya ukuta, mtu akikodoa macho aliiona kumi na nne.

Kwa hiyo hakuhama. Mhakiki alisimama akaitazama ile namba ya rangi, akaona jinsi mambo yalivyokwenda. Manispaa ilipobomoa safu ya mbele ilihesabu upya nyumba zilizobaki, tena kuanzia upande wa pili wa mtaa. Pasipoti ilichukua anwani kutoka kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilitolewa kabla ya kubomoa. Karatasi haikuwa na macho ya kuona tingatinga likipita.

Alibisha hodi.

Mama Mdogo alifungua akiwa na kitambaa cha kufutia vyombo.

"Shikamoo," alisema Mhakiki.

"Marahaba." Hakusogea mlangoni. "Umekuja kama nani?"

"Kama mtoto wa mwenye nyumba."

Mama Mdogo aliwaza hilo, kisha akapisha njia.

Sebule ilikuwa safi kama zamani. Kochi lilikuwa jingine, saa ilikuwa ileile. Mezani palikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, na barua ya kukataliwa, ile ya Miwani, ikiwa juu.

"Chiriku amekutuma?"

"Hapana. Anajua nafanya kazi kule tu. Faili lako liliniangukia mimi, nikalikabidhi kwa mwingine. Ni sheria."

"Na huyo mwingine akakataa."

"Hata mimi ningekataa."

Mama Mdogo alicheka bila kufungua mdomo. "Angalau wewe unasema. Pale dirishani wananiambia anwani hazilingani, hazilingani, kama kasuku. Nikiuliza ipi, wananiambia nisome barua. Barua nayo inasema hazilingani. Nimezaliwa mtaa huu, nimeolewa mtaa huu, nimezika mtaa huu. Leo napewa karatasi ya kuniambia sikai popote."

"Naomba nizione."

Mhakiki alizipanga mezani moja baada ya nyingine. Pasipoti. Bili. Taarifa ya benki. Cheti cha ndoa, cheti cha kifo. Chini kabisa palikuwa na bili nyingine ya umeme, ya mwezi uleule, namba ya akaunti ileile. Lakini hii ilikuwa na jina la Mama Mdogo, na anwani yake ilisomeka: Nyumba Na. 14, Mtaa wa Kiwandani.

Aliinyanyua akaiweka karibu na dirisha. Herufi za anwani zilikuwa nene kidogo kuliko za mstari uliofuata.

"Hii ametengeneza nani?"

"Kijana wa stesheneri, pale kona. Alisema wengi hufanya. Jumatatu naipeleka, naanza upya." Alipoona uso wa mwenzake aliongeza, "Si uongo. Nyumba ni hiihii. Umeme ni huuhuu. Nimeandika ukweli tu kwa maneno wanayoyataka wao."

"Ni ukweli. Lakini karatasi ni ya uongo." Mhakiki aliirudisha mezani. "Bili ina namba ya akaunti. Wakiwa na shaka wanauliza kampuni ya umeme, na wewe umeshakataliwa mara tatu, shaka wanayo. Kampuni itasema akaunti hiyo ni ya marehemu, kiwanja mia mbili na saba. Karatasi ya kweli isiyolingana wanairudisha, unarekebisha, unarudi. Karatasi ya uongo inayolingana, wanakufungia miaka. Chiriku anaweza kuzaa watoto watatu hujamwona hata mmoja."

Mama Mdogo alikaa kitini polepole. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu wa umri wake. Alichukua ile bili akaikunja mara mbili, mara nne, kisha akaipeleka jikoni. Mhakiki alisikia kiberiti.

Aliporudi hakukaa. Alisimama nyuma ya kochi.

"Kwa nini unanisaidia?"

"Chiriku ni mdogo wangu."

"Hilo tu?"

Mhakiki alikuwa na maneno mengi ya kusema, ameyapanga kwa miaka, lakini yalipofika mdomoni lilibaki moja. "Ulinifukuza."

"Nilikufukuza," alisema Mama Mdogo. "Sitasema shangazi yako alikuomba, ingawa aliomba. Ulikuwa unafanana na mama yako. Kila asubuhi ukitoka chumbani na kanga yake, nilijiona mgeni katika nyumba hii. Baba yako alipokuwepo nilivumilia. Alipokwenda sikuweza. Sina maelezo mengine, na najua hayo hayatoshi."

Nje gari liliteremsha tofali. Mhakiki alisubiri kelele ziishe. Alikuwa ametegemea uongo, na uongo angejua la kuufanya.

"Nipe hiyo taarifa ya benki," alisema mwishowe. "Hii 'nyumba ya pi' ilitoka wapi?"

Mama Mdogo alikaa. "Wakati ule nilikuwa mpishi wa shule. Shule ilitufungulia akaunti sote. Karani akaniuliza unakaa wapi, nikamwambia Mtaa wa Kiwandani, nyumba ya pili kutoka kisimani. Barua zangu zikaja kwa sanduku la shule."

Mhakiki alihesabu kwa kidole: herufi na nafasi, thelathini kamili. Fomu ya benki ilikuwa na mstari mrefu, kompyuta ya benki ilikuwa na vijumba thelathini. Maneno yaliyozidi yalidondoka, hakuna aliyeyaokota.

"Nyumba ya Pi," alisema Mama Mdogo, akiisoma kwa mara ya kwanza kama ilivyoandikwa. "Miaka yote hii nakaa nyumba ya Pi."

Walicheka wote wawili, kidogo, kila mmoja akitazama upande wake.

Jumatatu Mhakiki aliomba likizo. Alikuwa amemweleza Mama Mdogo kwamba hawataanza na benki, kwa sababu benki itataka bili, wala hawataanza na bili, kwa sababu kampuni ya umeme itataka uthibitisho wa nyumba. Kila ofisi ilikuwa inaelekeza kidole kwa nyingine. Ilibidi kupata pa kuingilia, na pa kuingilia ni ofisi ya mtaa, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na watu waliowahi kuiona nyumba yenyewe.

Karani wa mtaa alikuwa mzee mwenye mafua. Alifungua daftari la namba za zamani na mpya.

"Kumi na nne, leo thelathini na moja. Iko. Naandika hiyo."

"Na kiwanja, mzee," alisema Mhakiki. "Tunaomba uandike kwamba iko kwenye kiwanja mia mbili na saba, kitalu C."

Karani alipenga kamasi. "Viwanja si vyangu. Mimi nahesabu milango. Nikiandika kiwanja nisichokijua, kesho mtu atanibana nacho mahakamani."

Mhakiki alifungua mdomo kubishana, akajikuta anamwelewa. Mzee alikuwa anasema maneno ya Mhakiki mwenyewe, usikisie, kwa pua iliyoziba.

"Hamna karatasi yoyote iliyoandikwa vyote viwili?" aliuliza karani. "Mlango na kiwanja?"

Waliangaliana. Mama Mdogo alisema kwa wasiwasi, "Kuna risiti za kodi ya jengo. Manispaa wanakuja kila mwaka. Lakini hizo ziko kwenye droo ya jikoni, nilidhani hazina maana."

Alirudi nyumbani akazileta zikiwa na harufu ya vitunguu. Risiti ya mwaka ule ilisomeka: Jengo Na. 31, Mt. Kiwandani, Kiwanja 207, Kitalu C. Manispaa ilikuwa imeandika yote kwa mstari mmoja, kwa sababu ilitaka hela kutoka kwa jengo lililo juu ya kiwanja. Karani aliinusa, akaikagua, akaandika barua: nyumba namba thelathini na moja, iliyokuwa zamani namba kumi na nne, iliyo kwenye kiwanja hicho kwa mujibu wa risiti ya manispaa, ni nyumba moja, na mjane huyu anaishi humo. Akagonga muhuri mara mbili, wa pili kwa sababu wa kwanza haukushika wino.

Kwenye kampuni ya umeme walikaa foleni hadi mchana. Mfanyakazi wa dirishani, mama mwenye sauti ya taratibu, alisoma barua yote bila kuruka.

"Sisi hatuandiki mlango," alisema. "Tunaandika mita ilipo. Namba za milango hubadilika, mita haitembei. Fundi akitumwa anatafuta kiwanja na ukuta." Alipokea cheti cha kifo na cha ndoa. "Lakini jina nitabadilisha, hii ilitakiwa iwe imebadilishwa zamani. Na kuna sehemu ya maelezo ya mahali pa huduma. Nitaongeza namba thelathini na moja pale, itatoka chini ya kiwanja. Ila si leo. Itatoka kwenye bili ya mwezi ujao."

"Hakuna namna ya kuchapa hii ya sasa?" aliuliza Mama Mdogo.

"Ya sasa imeshatoka, mama. Nikikuchapia nyingine, zitakuwa mbili zinazopingana, na wewe naona umechoka na vitu vinavyopingana."

Kwa hiyo walingoja. Mhakiki alirudi kazini. Jioni nyingine alipita Mtaa wa Kiwandani, kwanza akisema ana swali la karatasi, baadaye bila kusema. Mama Mdogo alimpa chai. Hawakurudia yale ya Jumamosi. Walizungumza juu ya Chiriku: daktari amesema nini, analala ubavu gani, mumewe anapika nini na kwa nini kisiliwe. Mara moja Mama Mdogo alimwambia, bila kumtazama, kwamba picha za mama yake zilikuwa juu ya kabati, zimefungwa vizuri, anaweza kuzichukua. Mhakiki alizichukua.

Bili mpya ilipotoka walikwenda benki pamoja. Palikuwa na watu wengi, na wote wawili walikuwa wamesimama kwenye foleni simu ya Mama Mdogo ilipolia. Alikuwa mkwe wake. Mhakiki alimwona akisikiliza, akisema ndiyo, ndiyo, lini, ndiyo. Kisha akaishusha simu na kuishikilia kifuani.

"Wamempasua asubuhi hii. Mtoto wa kike. Mdogo sana, wamemweka kwenye chombo cha joto. Chiriku bado hajaamka sawasawa."

Mtu wa nyuma yao aliwaambia wasogee, foleni ilikuwa imesogea. Wakasogea.

"Alikuwa ananiita," alisema Mama Mdogo. "Mumewe anasema kabla hawajampa dawa ya usingizi alikuwa ananiita." Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulishika simu na mwingine ulishika bili isikunjike. Mhakiki alimchukulia bili. Hilo ndilo alilofanya. Baadaye alijiuliza kama angeweza kufanya zaidi.

Mhudumu wa benki alikuwa msichana mchangamfu. Alipoona NYUMBA YA PI kwenye skrini alitaka kucheka, akaona nyuso zao akaacha. Aliwaeleza kwamba anwani ya posta na ya makazi ni sehemu mbili tofauti kwenye mfumo. Ya makazi ilikuwa imejazwa maneno, na taarifa ilichapa sanduku kwanza. Alipokea barua ya mtaa na bili, kisha akageuza skrini waione.

"Andikeni kwa kifupi ninyi wenyewe, mashine isiwakatie. Ina nafasi thelathini."

Mhakiki alitamka polepole, sawasawa na bili: Na. 31 Mtaa wa Kiwandani. Ilitosha na nafasi zikabaki.

Pasipoti waliiacha ilivyo. Kuibadilisha kungechukua miezi, na yenyewe haikusema uongo. Ilisema jambo la zamani. Kwenye ombi la nne Mama Mdogo aliandika thelathini na moja, akaambatisha barua ya mtaa juu kabisa, na chini yake barua fupi ya mkono wake. Mhakiki hakumwandikia. Alimwambia tu aeleze kilichotokea kwa mpangilio kilivyotokea, na akiri kwamba maombi yaliyopita yaliandikwa anwani tofauti za nyumba hiyohiyo. Mama Mdogo aliandika kwa herufi kubwa za mpishi anayeandika kwenye magunia: "Sikuhama. Ni namba zilizohama."

Mhakiki hakujua faili lilikwenda kwa nani. Hakuuliza. Wiki ile alikaa akiipa mgongo meza ya Miwani. Jibu lilikuja kwa Mama Mdogo mwenyewe, kwa simu, alipokuwa sokoni, na ndiye aliyempigia Mhakiki kumwambia wamekubali. Alilitamka neno hilo kwa wasiwasi, kana kwamba lingeweza kurudishwa.

Katika mkutano wa idara Mhakiki aliomba kusema. Alipendekeza barua ya kukataa itaje karatasi ipi haikulingana na ipi, na mstari gani. Msimamizi alisema ni wazo, atalipeleka juu. Miwani alisema hilo litaongeza kazi. Wote wawili walikuwa sahihi, na hadi leo barua bado inasema vilevile.

Siku ya safari Chiriku alikuwa ameshatoka hospitali. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani, amefikisha uzito waliotaka. Uwanja wa ndege ulikuwa na viti vya chuma vya baridi. Mama Mdogo alikuwa na mkoba mmoja mikononi na begi lililofungwa kwa kamba.

"Ufunguo nimemwachia jirani," alisema. "Lakini madirisha yanahitaji kufunguliwa. Nyumba ikifungwa inanuka. Kama utapata nafasi."

"Nitapita Jumamosi."

"Si lazima ulale. Ingawa chumba chako kipo."

Mhakiki alimwekea vizuri kamba ya begi. Mama Mdogo alimshika bega, mkono ukakaa pale kwa muda mrefu kuliko wote wawili walivyozoea, kisha akajiunga na foleni ya watu waliokuwa wakivua viatu kwenye ukaguzi.

Alipotua alituma picha. Kitoto kilikuwa kimefungwa kama mkate, na nyuma yake Chiriku, mwembamba, mdomo wazi, akiwa katikati ya kuongea. Mhakiki aliitazama akiwa mezani kwake, kwenye mapumziko. Kisha akaiweka simu kwenye droo na kufungua faili lililofuata. Anwani zake zilitofautiana kwa herufi moja. Alilisoma tena toka mwanzo, polepole, kabla ya kuandika chochote.